Maandazi, vitumbua na bei ya dola

Nauza maandazi Mwanjelwa, Mbeya. Sijawahi kushika dola hata moja, mbona shilingi ikishuka faida yangu inaisha?

Kwa sababu dola umeikanda ndani ya unga. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huagizwa nje, na mafuta ya kula mengi vilevile. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikapita 2,700. Anayeagiza ngano alilipa tofauti hiyo, kisha akaisogeza kwako.

Chukua daftari, andika matumizi ya siku moja na mbele ya kila kitu andika kilikotoka. Tuseme kwa mfano unatumia shilingi 20,000: unga 9,000, mafuta 5,000, mkaa 3,000, sukari na iliki 2,500, hamira 500. Vya nje, yaani unga, mafuta na hamira, ni 14,500. Vikipanda kwa asilimia 10, gharama inaongezeka 1,450 kila siku, na andazi bado unaliuza bei ileile kwa sababu wateja wameizoea. Hapo ndipo faida inapoishia.

Niko Iringa mjini, nimeambiwa nihamie vitumbua. Kweli kuna nafuu, au ni kubadilisha jina tu?

Nafuu ipo, dada, kwa sababu mchele wa Usangu na Kyela haupiti bandarini. Kwa 20,000 ileile ya mfano: mchele 9,000, mkaa 3,000, sukari na iliki 3,000, maziwa 2,500, mafuta 2,000, hamira 500. Vya nje hapo ni kama 2,500. Vikipanda asilimia 10, unaumia kwa 250 tu. Tui la nazi liache. Linasafiri kutoka pwani kwa dizeli. Maziwa ya ng'ombe unayapata jirani.

Loweka kilo 1 ya mchele usiku kucha, chuja, saga na maziwa ya vuguvugu vikombe viwili na nusu, sukari robo kilo, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Rojo lenye chenga hutuama chini ya ndoo, na vitumbua vya mwisho huwa vigumu.

Kinachowaangusha wengi Iringa na Mbeya ni baridi. Pwani rojo huumuka kwa saa moja hivi. Huku mwezi wa Juni na Julai linaweza kutaka saa mbili au tatu. Usiongeze hamira ili kuliharakisha, litanuka uchachu. Funika ndoo kwa blanketi, iweke karibu na jiko lakini isiguse moto, na usianze kuchoma mpaka uone povu juu na rojo limepanda. Kitumbua kilichochomwa kabla ya hapo hukijui kwa nje, kinapendeza, kikate katikati. Hakina vitundu, na ndani kinanata kama uji. Mteja akikutana nacho mara mbili harudi.

Mchele nao mbona unapanda? Si ni yale yale?

Unapanda, ila kwa sababu nyingine, na hii unaweza kuipangia. Bei hushuka wakati wa mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, na hupanda kuelekea Januari na Februari ghala zikiwa tupu. Kwa hiyo nunua mpunga wakati wa mavuno, sio mchele, kwa kuwa ganda huulinda, kisha koboa kidogo kidogo. Gunia la kilo 100 hutoa mchele kilo 60 hadi 65. Kabla hujalipa, tia punje mdomoni uing'ate: ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea itaota ukungu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mashineni ulizia chenga za mchele. Ni rahisi kuliko mchele mzima, na kwa kuwa unasaga, umbo la punje halina kazi. Zipepete tu mawe yatoke.

Dizeli ya kukobolea na kusafirisha bado ni ya nje, hiyo huikwepi. Mamlaka ya nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo ya dizeli kila mwezi; ikipanda sana, subiri nauli ya mzigo ipande pia.

Nihamie gesi niachane na mkaa?

Kwa hesabu hii, hapana, gesi ya mtungi inaagizwa nje. Ukiwa karibu na viwanda vya mbao, kama Mafinga, jaribu jiko la unga wa mbao: kopo kubwa lenye tundu la hewa chini, unga ukashindiliwa kuzunguka chupa, kisha chupa ikachomolewa ibaki njia ya moto. Huwaka polepole na sawasawa, moto ambao chuma cha vitumbua kinautaka. Unga ukiwa na unyevu hutoa moshi na vitumbua hunuka moshi, kwa hiyo uanike juani kwanza, na upike mahali pa wazi.