Jibu: Tiba tofauti za maongezi, matokeo yanayokaribiana

"Mtoa tiba mmoja anashughulikia mawazo, mwingine mahusiano. Inakuwaje wagonjwa wao wanapata nafuu karibu sawa?"

Ndugu, mimi nilielewa kupitia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989. Wagonjwa 250 wa sonona waligawanywa makundi manne: tiba ya mawazo na tabia, tiba ya mahusiano, dawa ya imipramini, na kidonge kisicho na dawa. Hata waliopewa vidonge walikutana na daktari mara kwa mara, akawasikiliza na kuwatia moyo. Baada ya wiki 16, tiba mbili za maongezi zilikaribiana sana.

Mwaka 1996 watafiti walichambua kanda za vikao hivyo. Kadiri mgonjwa alivyoshirikiana na mtoa tiba, ndivyo nafuu ilivyoongezeka, katika makundi yote manne, hata lile la kidonge kitupu!

Ushirikiano huo si kupendana tu. Ni kuaminiana, kukubaliana lengo, na kukubaliana kazi ya kufanya. Mteja anaweza kumpenda mshauri wake, akaitikia "sawa" kila akipewa zoezi, lakini wiki ya tatu daftari bado tupu. Hapo makubaliano ya kazi hayapo, na mshauri makini husimamisha zoezi aulize: "Wewe unaona hili litakusaidiaje?"

Ila usidhani mbinu hazina maana. Anayenawa mikono bila kikomo kwa hofu ya uchafu anahitaji kushika kitasa na kukaa bila kunawa mpaka hofu ipungue. Maongezi mazuri peke yake hayamfikishi hapo.