iPhone iliyojifunga kwa namba ya siri: usiizime, na usiifute kabla hujaangalia haya

"Wakuu, iPhone 11 yangu imeandika iPhone Unavailable, try again in 15 minutes. Namba ya siri niliibadilisha wiki iliyopita na sasa imenitoka kabisa. Nina iPad yenye akaunti ileile. Kuna namna ya kuifungua bila kupoteza picha na vitu vyangu?"

Mkuu, simu utaipata. Vilivyomo ndani utavipata tu kama tayari vina nakala nje ya simu. Ufunguo wa data zako unatengenezwa kwa kuchanganya namba yako ya siri na ufunguo mwingine uliochomwa ndani ya chipu ya simu hiyohiyo, usiosomeka wala kunakiliwa. Simu ikifutwa, funguo ndizo zinazoharibiwa, na kilichobaki kwenye hifadhi hakisomeki tena na mtu yeyote. Kwa hiyo fundi akikuahidi "kuiflashi" na kukurudishia picha zilizokuwa humo, usimpe hela.

Wangebadilisha namba ndani ya saa 72 zilizopita, wenye iOS 17 au mpya zaidi wangeponea hapo: unagusa Forgot Passcode? pale chini ya skrini, unachagua Enter Previous Passcode, unaweka namba ya zamani kisha unapanga mpya, na hakuna kinachopotea. Kwako wiki imeshapita, mlango huo umefungwa.

Acha kubahatisha. Muda wa kusubiri unapanda: dakika 1, kisha 5, kisha 15, baadaye saa nzima na zaidi. Ukifika jaribio la 10 hupewi nafasi nyingine, na kama Erase Data ilikuwa imewashwa, simu inajifuta yenyewe. Ukiwa kwenye dakika 15 umebakiza majaribio machache tu. Yaweke kwa ajili ya namba uliyoikumbuka kweli.

Jambo ambalo wengi wanaliharibu ni hili: usiizime simu, na usiiache iishiwe chaji. Simu iliyowashwa upya haiwezi kusoma hata nenosiri la Wi-Fi mpaka namba ya siri iwekwe mara ya kwanza, kwa hiyo haijiungi na mtandao uliouzoea. Dalili yake utaiona mtu akikupigia: inatokea namba tupu, bila jina, ingawa umemhifadhi. Kama haijazimwa, iweke kwenye chaja, karibu na Wi-Fi inayoijua, na uiache usiku kucha. Bakapu ya iCloud hufanyika yenyewe simu ikiwa imefungwa, ipo kwenye umeme na ipo kwenye Wi-Fi. Kama uliiwasha na nafasi ipo, huenda ikachukua nakala ya mwisho kabla hujafuta.

Sasa shika iPad. Nenda Settings, gusa jina lako, kisha iCloud, fungua sehemu ya nafasi ya hifadhi uingie Backups. Utaiona iPhone 11 pamoja na tarehe ya nakala ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo mpaka wako. Tuseme inasoma 12 Machi na leo ni 20 Mei: simu ikifutwa leo, itarudi jinsi ilivyokuwa 12 Machi. Pengo la namna hiyo mara nyingi linatokana na GB 5 za bure kujaa, bakapu ikasimama bila mwenyewe kujua.

Picha zitazame peke yake. Kama iCloud Photos ilikuwa imewashwa, picha hazikai ndani ya bakapu, zinakaa iCloud moja kwa moja, kwa hiyo zile za baada ya 12 Machi zinaweza kuwepo. Fungua icloud.com/photos kwenye kompyuta, shuka hadi picha ya mwisho kabisa uliyopiga. Ukiikuta hapo, umepona. Majina ya simu na kalenda navyo viangalie humohumo. WhatsApp ina bakapu yake tofauti ndani ya iCloud, na kama uliifunga kwa nenosiri lake au ule ufunguo wa tarakimu 64, utaombwa hicho pia.

Kule kuingia icloud.com kuna faida ya pili: unathibitisha kwamba nenosiri la akaunti yako unalikumbuka. Ukifuta simu bila kulijua, Activation Lock itaizuia isitumike hata ikiwa tupu. Kama halikubali, litengeneze upya sasa hivi kwenye iPad, kabla ya kugusa kitu kingine. Namba ya uthibitisho itakuja kwenye iPad. Asiye na kifaa cha pili achague kutumiwa namba kwa kupigiwa, maana simu iliyofungwa bado inapokea simu. Au ahamishe laini kwenye simu nyingine asome ujumbe.

Ukisharidhika na ulichokiona, kufuta kwenyewe ni kazi fupi. Simu ikiwa na intaneti, gusa Forgot Passcode? kisha Start iPhone Reset, weka nenosiri la akaunti, isubiri. Matoleo kuanzia iOS 15.2 hadi 16 yanaandika Erase iPhone.

Kama imeshazimwa na haina mtandao, tumia kompyuta: Finder kwenye Mac, au iTunes ama Apple Devices kwenye Windows. Zima simu kabisa, subiri kama dakika moja. Shikilia kitufe cha pembeni, na ukiwa umekishikilia chomeka waya uliounganishwa na kompyuta. Alama ya tufaha ikitokea usiachie. Endelea mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Ukiachia mapema itawaka kawaida na utaanza upya. Kompyuta itakuuliza, chagua Restore. Update haiondoi namba ya siri, ni kupoteza muda. Faili lenyewe ni la GB kadhaa, na likichukua zaidi ya dakika 15 kushuka, simu inatoka kwenye hali hiyo. Mwanzoni watu hudhani imeharibika. Acha faili limalizike, kisha rudia hatua za kitufe na waya.

Baada ya hapo, kadi za malipo na Face ID utaziweka upya. Kama unatumia eSIM, jiandae kuiomba tena kwa mtandao wako. Programu ya kutoa namba za uthibitisho, ambayo haikuhifadhi akiba yake popote, inarudi tupu, kwa hiyo tafuta mapema zile namba za dharura ulizopewa na kila huduma.

Hasara ambayo haitajwi sana iko mwishoni kabisa. Ukianza kurudisha kutoka iCloud, utaulizwa namba ya siri ya kifaa chako cha zamani, yaani ileile uliyoisahau. Ndiyo inayofungua manenosiri yaliyohifadhiwa na kumbukumbu za Health, ambazo hata Apple wenyewe hawawezi kuzisoma. Hapo iPad inakuokoa: skrini hiyo ikitoa nafasi ya kuchagua kifaa kingine, chagua iPad, weka namba ya iPad. Mwenye kifaa kimoja tu ndiye anayepoteza vitu hivi moja kwa moja. Ikikuletea pendekezo la Reset Encrypted Data, usilikubali kwa haraka, kwa sababu linafuta nakala ya manenosiri na kumbukumbu hizo iliyoko iCloud. Ruka hatua hiyo, maliza kuwasha simu, kisha fungua manenosiri kwenye iPad uhakikishe yapo.