Trela ya kitabu: anza na sauti, picha zitafuata

Trela yangu ya kwanza, yaani video fupi ya kutangaza kitabu mitandaoni, niliitengeneza Kirumba, Mwanza, kwenye chumba kinachotazama barabara. Nilichukua maelezo ya jalada la nyuma la riwaya niliyokuwa naitangaza, maneno 130, nikayasoma yote. Ikazidi dakika moja, na kila nilipovuta pumzi bodaboda ilisikika.

Wewe unayeanza, yaache maelezo ya jalada. Tafuta ndani ya kitabu mahali pamoja panapomwachia msomaji swali. Riwaya ile ilimhusu binti wa mvuvi wa dagaa, nami nikachagua sentensi nne tu: “Karabai ya baba huwa ya tatu kutoka kushoto. Usiku ule nilihesabu mara nne. Zilikuwa kumi na moja. Zilitakiwa kuwa kumi na mbili.” Ni maneno 22. Ukisoma polepole na kutua, yanajaza sekunde 20 hivi. Mwombe mwandishi au mchapishaji ruhusa kwanza, hata kama ni rafiki yako.

Rekodi sauti kabla ya kugusa picha yoyote. Mimi hujifunika blanketi zito; linaonekana kichekesho, lakini linaua mwangwi wa kuta. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila “p” na “b” itapiga kama kofi. Ukimaliza, nyamaza sekunde kumi huku simu bado inarekodi. Kipande hicho cha ukimya ndicho utakachokiweka unapotaka kurefusha pumziko. Ukiacha pengo tupu kabisa, msikilizaji anahisi sauti imekatika.

Picha zangu zilikuwa tano. Nilijaribu kupiga taa za wavuvi usiku, zikatoka chengachenga. Nikarudi ufukweni magharibi ilipoingia, nikapiga ziwa na mitumbwi, kisha nikazitia picha giza kwenye programu ya kuhariri na kuchora nukta za taa mwenyewe. Kila picha niliikuza polepole sana ili isionekane imeganda. Sauti ya mawimbi niliirekodi alfajiri, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huvuma moja kwa moja kwenye maikrofoni.

Maandishi ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, kwa hiyo lazima yawepo, lakini yakitangulia sauti yanaiba siri. Niliyachelewesha nusu sekunde kila mara. “Kumi na mbili” niliiacha peke yake kwenye skrini nyeusi, baada ya sauti kunyamaza. Yaweke katikati, maana chini kabisa hufunikwa na jina la akaunti na vitufe.

Jalada liweke mwishoni, pamoja na mahali kitabu kinapouzwa, kwa sekunde nne au tano. Mimi nililiacha sekunde mbili, nikashinda siku nzima nikijibu watu wanaouliza kitabu kinaitwaje.