Umeomba, na Uchungu Uko Palepale

Baada ya kumzika mdogo wangu niliambiwa maneno mengi, na lililorudiwa kuliko yote ni hili: "Dada, wewe omba tu, utaona Mungu atakavyokupa amani ipitayo akili zote." Mstari upo, Wafilipi 4:7. Nikaomba. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikapita, kaburi likajengewa, na bado nilikuwa nikiamka saa tisa usiku kifua kimebana. Amani niliyoahidiwa sikuiona. Juu ya huzuni ikaongezeka hatia: wenzangu wanaomba wanapata, mimi nina kasoro gani?

Nawaandikia walio hapo sasa hivi, hasa wale ambao mgonjwa wao aliombewa sana kabla hajafariki. Kwetu sisi hatia hii inakuja mara mbili.

Mdogo wangu figo zilikufa kwa sababu ya presha ambayo hakujua kama anayo. Daktari alituambia mapema, kwa upole na bila kuficha, kwamba figo zikifika hapo hazirudi. Mashine ya kusafisha damu inafanya kazi ya figo lakini haiziponyi. Ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, mpaka apatikane wa kumpa figo. Anapimwa uzito kabla ya kuunganishwa na baada ya kutolewa, ili wajue maji kiasi gani yameondolewa. Nyumbani maji yake yalikuwa ya kupimwa kwa kikombe kidogo. Kiu ikimzidi, nilikuwa nampa kipande cha barafu anyonye taratibu.

Wakati huohuo kulikuwa na mnyororo wa maombi. Mtumishi mmoja alitamka mbele ya watu kwamba kijana ameshapona, tushukuru. Tukashukuru. Alipofariki, mmoja wa kikundi kile aliniambia kuwa huenda ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mwenye mashaka. Kila mtu alijua aliyekuwa akishika daftari la dawa na kuuliza maswali hospitali ni mimi.

Kwa hiyo ahadi ya kwanza, ya kupona, ilivunjika na lawama nikaachiwa mimi. Ikaja ahadi ya pili, ya kufarijika, nayo ilipochelewa nikajihukumu mwenyewe kwa sheria ileile: ukiamini kweli, utapata, hujapata, basi hukuamini. Ukitaka kutoka kwenye hatia hii, anza kwa kuiona hiyo sheria. Ilikuwapo kabla ya msiba, na walioitunga ni watu.

Nilichofanya ni kurudi kwenye mistari yenyewe niliyotupiwa, nikaisoma pamoja na iliyoizunguka. Mfano ni ule wa kwamba Mungu hatakupa jaribu kupita uwezo wako. Ni 1 Wakorintho 10:13, na mstari unaofuata unasema ikimbieni ibada ya sanamu. Paulo anaongelea kushawishiwa kutenda dhambi, jambo ambalo mtu anaweza kulikimbia. Hakuwa anamwambia mfiwa kwamba asilemewe. Au ule wa 1 Wathesalonike 4:13, ambao kwenye misiba hutumika kuwanyamazisha wanaolia. Unasema tusihuzunike kama wasio na matumaini. Haujasema tusihuzunike.

Halafu nikafika Zaburi ya 88, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa msibani, na nimehudhuria misiba mingi. Kama theluthi moja ya Zaburi ni za kulalamika, na karibu zote mwishoni zinageuka kuwa tumaini au sifa. Hii ya 88 haigeuki. Mwombaji analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu kwa nini anamficha uso, anasema rafiki zake wametengwa naye, na zaburi inaishia gizani. Hakuna "lakini". Na bado waliokusanya Maandiko waliiacha humo, iwe sala ya watu wote. Niliisoma mara nyingi. Mtu yule alikuwa ameomba kila siku, hakufarijika, na hakuna mahali alipoitwa asiye na imani.

Hapo namna yangu ya kuomba ikabadilika, na hili ndilo ninaloweza kukushauri kwa uhakika. Nilikuwa naomba niondolewe uchungu, kisha najikagua kama umepungua. Kila sala ikawa mtihani ambao nimeufeli kabla sijasema amina. Niliacha kujikagua. Nikachukua Zaburi ya 13, ambayo ni fupi, mistari sita tu, inayoanza na "Ee Bwana, hata lini", nikawa naisoma kwa sauti kabla ya kulala. Siku nyingine nilifika mwisho, penye sifa. Siku nyingine niliishia mstari wa pili, wa kulalamika, nikafunga Biblia. Yote mawili niliyahesabu kuwa ni kuomba. Na siku ambazo sikuwa na neno hata moja, nilijikabidhi kwa Warumi 8:26, kwamba Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Ibadani nilihamia viti vya nyuma, karibu na mlango. Wimbo ukinishinda, natoka. Jumuiya ilipokuja nyumbani nilimwambia mama mchungaji waziwazi: "Mama, leo msiniombee nipate nguvu. Kaeni tu nami, tumwongelee marehemu." Aliduwaa kidogo, kisha akauliza mdogo wangu alikuwa anapenda kula nini. Tulicheka jioni ile kwa mara ya kwanza. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini kimya. Walipoanza kueleza kosa lake ndipo walipoharibu, na katika sura ya 42 Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyelalamika kitabu kizima.

Kuhusu yule aliyesema kulikuwa na mtu mwenye mashaka, sikubishana naye kwa maandiko. Nilimwambia, "Ndugu, figo zake zilikufa kwa presha, na daktari alituonyesha vipimo." Ukishikwa na lawama ya namna hii, rudi kwenye sababu halisi ya kifo. Kama huijui vizuri, nenda hospitali ukamwombe daktari akueleze upya ukiwa umetulia, maana siku ya kifo hakuna anayesikia sawasawa. Mimi nilirudi, na swali nililokwenda nalo lilikuwa moja: je, ile barafu ilimwongezea maji mwilini kiasi cha kumdhuru? Akanijibu kwamba kwa kiasi kile hapana, na kwamba mgonjwa wa namna ile hushauriwa hivyohivyo. Kwa miezi nilikuwa nimemuuliza Mungu swali ambalo nesi angeweza kunijibu.

Mashaka mengine hayana jibu la hospitali. Kwa nini huyu, kwa nini akiwa kijana, hayo bado ninayo na bado naenda kanisani. Yanakaa pamoja.

Lakini usichanganye kukosa faraja na kuugua. Shirika la Afya Duniani limeiweka huzuni isiyoachia kwenye orodha yake ya magonjwa: ile inayopita miezi 6, ikazidi kiwango cha kawaida kwa mila na dini ya mtu, na kumfanya ashindwe kazi, malezi, au kuishi na watu. Ukiona hivyo, nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kama unatamani kumfuata marehemu, usingoje miezi hiyo. Mwambie mtu leo, na akupeleke hospitali leoleo. Akikwambia kwanza mfunge siku tatu, mwambie mtafunga mkirudi.