Jibu la hasira lilale kwenye rasimu

Kwenye ofisi za utalii za Arusha na Moshi, barua pepe za lawama hupenda kufika jioni. Mgeni ameshuka mlimani, ameoga, amepata mtandao wa hoteli, amemwandikia wakala wake. Wakala naye anageuza moto huohuo kuelekea ofisi iliyomhudumia. Anayeipokea yuko kazini tangu asubuhi, chakula cha mchana alikula kwa kukimbizana, na daladala ya kurudi nyumbani inamsubiri. Katika hali hiyo ndipo anapobonyeza kujibu.

Chukua mfano wa barua ya wakala wa Dar es Salaam, imefika saa 1 usiku:

"Wageni wetu wamedhulumiwa. Mmoja aliteremshwa kutoka Barafu siku ya tano bila sababu yoyote, na nguvu za kupanda alikuwa nazo. Mlimpima? Kuna maandishi? Hata chumba cha Moshi usiku uliofuata alilipa mwenyewe. Tunataka nusu ya fedha irudishwe, na majibu tuyapate kesho kabla ya saa 6 mchana. La sivyo kila mtu atawajua."

Na hili ndilo jibu linalokuja lenyewe dakika kumi baadaye:

"Tumeshangazwa na uongo wenu. Mgeni wenu alitapika kambi nzima ikimwona, kiongozi akampima mara tatu, halafu mnasema bila sababu? Mlitaka tumteremshe akiwa maiti? Siku zote ni nyie tu wenye malalamiko. Hairudi hata senti moja, na andikeni popote mnapotaka."

Aliyeandika hivyo hajakosea kukasirika. Kambi ya Barafu kwenye Mlima Kilimanjaro iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na kiongozi anayemteremsha mgonjwa kutoka pale usiku amefanya kazi yake sawasawa. Kuambiwa umedhulumu baada ya hapo kunauma. Shida ni kwamba jibu hili limeshughulika zaidi na maneno mawili ya barua, "wamedhulumiwa" na "bila sababu", na mengine limeyagusa kwa matusi tu au limeyaruka.

Liandike hata hivyo. Mtu akijaribu kulimeza bila kuliandika, mara nyingi huishia kulituma kwa WhatsApp kwa ukali zaidi. Ila liandike mahali ambapo haliwezi kuondoka. Usibonyeze Reply, fungua ujumbe mpya na kisanduku cha To ukiache kitupu. Kama ulishabonyeza Reply, futa kwanza anwani zote, pamoja na zilizo kwenye Cc. Barua isiyo na anwani haiendi popote hata kidole kikiteleza, na vidole vya mtu mwenye hasira huteleza: kwenye Gmail ya kompyuta, Ctrl na Enter zikibonyezwa pamoja zinatuma barua. Usiogope kupoteza ulichoandika, kwa kuwa Gmail inahifadhi yenyewe kwenye Drafts.

WhatsApp ni hatari zaidi. Rasimu yake inakaa ndani ya mazungumzo yaleyale, kitufe cha kutuma kikiwa pembeni, na mwenzako anaona kwamba unaandika. Akiona hivyo mara tatu bila ujumbe kufika, ameshajua umepandwa na hasira. Andika kwenye programu ya kumbukumbu ya simu, si hapo. Kufuta baada ya kutuma hakuokoi sana, maana alama ya kwamba ujumbe umefutwa inabaki, na huenda mwenzako alishausoma juu ya skrini kabla hujaufuta. Hata Undo Send ya Gmail, ukiirefusha hadi mwisho kwenye mipangilio, inakupa sekunde 30 tu. Hizo zinatosha kukumbuka kiambatisho ulichosahau. Hasira haipoi kwa sekunde 30.

Kuna njia moja ambayo wengi huidhania kuwa ni kusubiri, nayo si kusubiri: kupanga barua itumwe yenyewe asubuhi kwa Schedule send. Barua iliyopangwa itaondoka saa yake ikifika, uwe umeisoma tena au hujaisoma, uwe na umeme au huna. Rasimu hukulazimisha uifungue kwanza. Faida yote iko kwenye kule kuifungua.

Sasa, kulaza jibu si kumnyamazia mtu. Wakala wetu ametoa muda, na ukimya wa usiku kucha ataufasiri kuwa dharau au kukiri kosa. Kwa hiyo jioni ileile, kabla hujafunga ofisi, inatoka barua fupi:

"Dada, barua yako nimeipata. Nafuatilia kwa kiongozi wa msafara na kwenye fomu zake, nitakujibu kesho kabla ya saa 4 asubuhi."

Basi. Hakuna kujitetea, hakuna kukubali kosa, hakuna "ila ujue kwamba". Sentensi ya tatu ikijipenyeza, nayo ni ya hasira. Ahadi ya saa ina kazi mbili: inamtuliza anayesubiri, na inakuzuia wewe usigeuze usiku mmoja kuwa wiki. Akiwa wakala wa Marekani ni rahisi zaidi. Kiangazi chao, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, hivyo barua iliyofika Arusha saa 4 usiku iliandikwa kwao mchana, na jibu lako la saa 3 asubuhi litamkuta bado amelala. Usiku wako mzima haumpotezei kitu.

Ukishatuma hiyo fupi, funga rasimu kabisa. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanarudi saa 5 usiku kuinoa, wanaongeza mfano wa mwaka juzi, wanampigia mwenzao kumsomea. Mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 utafiti ambapo watu waliokasirishwa walipewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya kitu. Kuirudia rasimu usiku kunafanana na hilo: kila ukiisoma, ugomvi unaanza upya. Rasimu iliyonolewa mara nne usiku asubuhi inakuwa ngumu kuibadilisha, kwa sababu umeshaizoea na unaiona ni nzuri.

Asubuhi, usianze na rasimu yako. Anza na barua ya mwenzako, uisome polepole ukiwa na karatasi, na uandike anachotaka kwa maneno makavu, bila matusi yake. Kwenye mfano wetu yanatoka mambo manne: kwa nini aliteremshwa, kama alipimwa na kuna maandishi, chumba cha Moshi, nusu ya fedha. La chumba ndilo ambalo jioni halikuonekana kabisa. Liko katikati ya shutuma, sentensi moja fupi, na mwenye hasira aliliruka kwa sababu halikumuuma.

Kisha mpigie kiongozi. Naamini hii ndiyo faida kubwa ya usiku, kuliko hata kutulia: kunapokucha, watu na makaratasi wanapatikana. Fomu ya kiongozi inaonyesha mgeni alifika Barafu akiumwa kichwa, oksijeni kwenye kipimo cha kidole ikiwa asilimia 74. Saa 3 usiku alikuwa ametapika mara mbili, kipimo kimeshuka hadi 61, na alipoambiwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, alishindwa. Mgonjwa wa mwinuko akifika hapo, dawa ya kwanza ni kumteremsha, wala kupambazuka hakusubiriwi. Akashushwa kwa njia ya Mweka hadi kambi ya chini. Alipimwa mara mbili. Rasimu ilisema mara tatu. Kosa dogo, lakini lingetumwa, wakala angeomba fomu, angehesabu mbili, na kuanzia hapo hakuna ambacho angekiamini.

Na mkataba ukifunguliwa, unakuta mgeni akishuka mapema kwa sababu za afya, chumba cha usiku wa ziada kinalipwa na ofisi. Kwa hiyo "hairudi hata senti moja" ilikuwa si kweli.

Sasa ndipo unaifungua rasimu. Pitia kila sentensi na ujiulize inajibu lipi kati ya yale manne. "Uongo wenu" halijibu lolote. "Siku zote ni nyie" halijibu lolote. Swali la maiti si swali, maana hakuna jibu linalotarajiwa. Maswali ya namna hiyo yote yanatoka. Mara nyingi zinabaki sentensi mbili au tatu, na ni bora kuandika upya kuliko kuzipaka rangi zilizobaki. Kuongeza "tafadhali" na "samahani" kwenye barua ya hasira kunaifanya isomeke kama kejeli. Barua mpya ikawa hivi:

"Habari za asubuhi dada. Pole kwa usumbufu, na pole zimfikie mgeni wetu. Kiongozi alimteremsha kwa sababu ya dalili za ugonjwa wa mwinuko: aliumwa kichwa, alitapika mara mbili, na saa 3 usiku alishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka. Alipimwa mara mbili na yote yameandikwa. Mgeni akiridhia, nitakutumia nakala ya fomu. Chumba cha Moshi kilikuwa juu yetu kwa mujibu wa mkataba, naomba risiti tumrudishie fedha yake. Nusu ya gharama ya safari hatutaweza kuirudisha, kwa kuwa mkataba hauna marejesho kwa mgeni aliyeshushwa kwa sababu za afya. Ukitaka kuongea na kiongozi mwenyewe, anapatikana leo mchana."

Jibu la "hapana" limebaki hapana. Hasira imetoka, msimamo haujatoka. Kama asubuhi unajikuta unatoa fedha usizodaiwa ili tu yaishe, hapo umevuka upande wa pili, na mkataba ndio wa kukurudisha.

Kuna barua ambazo hazilazwi. Mgeni akiwa hospitalini, fedha ikikaribia kutumwa kwenye akaunti isiyo sahihi, gari likiwa limekwama Ngorongoro na watu ndani: piga simu sasa hivi, ukali utashughulikiwa baadaye. Barua ya wakili nayo usiku mmoja hautoshi, ipelekwe kwa wakili wako kabla hujaandika neno. Na rasimu ikilala usiku wa tatu, hiyo si subira tena, unalikwepa jibu.

Jambo la mwisho ni la ofisi zinazotumia anwani moja ya info@ kwa watu wote. Rasimu iliyobaki kwenye Drafts inaonekana na kila anayeingia kwenye akaunti hiyo. Mwenzako wa zamu akiikuta, anaweza kudhani umeisahau, akaijazia anwani na kuituma kwa nia njema kabisa. Katika ofisi kama hizo, jibu la hasira liandikwe kwenye simu yako, nje ya akaunti ya kazi, na likishapatikana jibu la kweli, lile la kwanza lifutwe siku hiyohiyo.