Mises inapitisha shafti, Tresca inakataa

"Shafti ya chuma laini, kupinda 120 MPa na kusokota 80, yield 250, nataka sefti 1.3. Mises inapita, Tresca inakataa, niamini gani?"

Hesabu zote ziko sawa buda, hizi ni kanuni mbili za kukadiria chuma kitaanza ku-yield lini, yaani kunyumbuka bila kurudi: Tresca inakupa stresi ya 200 yaani sefti 1.25, Mises kama 183 yaani 1.36. Tresca huangalia stresi kubwa kabisa na ndogo kabisa basi, ya katikati anaipuuza, ndio maana msokoto ukiwa peke yake hizi mbili huachana karibu asilimia 15 na ukivuta upande mmoja tu zinalingana. Taylor na Quinney walipima mirija ya metali 1931, matokeo yakakaa karibu na Mises. Kuna aliyejibu hapo juu kwamba Tresca ndio sahihi, hapana, ni ya uoga zaidi tu, na uoga si mbaya kama mzigo umeukisia. Na kama kuna mwenye puli ya chuma cha kumimina, kanuni hizi si zako, chuma hicho hupasuka kabla kinyumbuke. Mimi ningeshika Mises, lakini kwani hiyo shafti inazunguka? Kama ndio, inaweza kuchoka na kukatika kwa stresi ya chini kuliko hizi zote, na hapo 1.36 haikusaidii.