Kuruka chai ya asubuhi na suala la uzito

"Wakuu, eti nikiruka chai ya asubuhi ntanenepa? Na mbona saa nne nakuwa nimechoka?"

Mkuu, kunenepa hapana. Mwaka 2019 jarida la BMJ lilitoa uchambuzi wa majaribio 13, waliokula asubuhi walikuwa wanaingiza kama kalori 260 zaidi kwa siku, na uzito wao ulikuwa juu kidogo tu, kama nusu kilo hivi. Majaribio mengi yalikuwa mafupi na hayakuwa na ubora mkubwa kwahiyo usiichukue kama dawa ya kupungua, ila ile hofu ya kwamba ukiruka asubuhi, mchana utakula kufidia yote na zaidi haikuonekana.

Kwenye nguvu ndo kuna jambo. Kule Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichukua watu wembamba wiki sita, kundi moja linakula kalori 700 au zaidi kabla ya saa tano asubuhi, lingine maji tu mpaka saa sita mchana. Uzito haukutofautiana, lakini waliokula walijishughulisha zaidi, yaani mwili ulitembea tembea bila wao kupanga, na hiyo naona inaendana na uchovu wako wa saa nne. Sasa kama kazi yako ni ya kusimama au kubeba, kula, tena weka yai au maharage maana chapati na chai ya sukari peke yake njaa inarudi haraka. Ila kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari usiruke kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka vibaya: jasho, kutetemeka, kizunguzungu.